Tangazo la Msiba Lisilofunguka



Tuseme bibi amefariki hapa Kambarage, nao wajukuu wako machimboni huko Geita. Kijana mmoja anaipiga picha karatasi ya ratiba ya mazishi, kisha anachukua video ya dakika moja ya waombolezaji wakiimba. Vyote anavituma katika kundi la ukoo kwenye WhatsApp. Mjukuu machimboni ana kifurushi cha MB 50 mpaka kesho. Anaona picha yenye ukungu na duara linalozunguka. Saa ya mazishi haijui.

Hebu tazameni hesabu hii. Video ile ikiwa na MB 8, na kundi lina watu 60, wote wakiifungua zimekwenda MB 480 za jamaa. Aliyetuma amelipa 8 tu, na wala hakuona uchungu wa wengine.

Basi, jambo la kwanza, andikeni habari kwa maneno: nani amefariki, mazishi siku gani, saa ngapi, wapi. Maneno hayo hayafiki hata KB 1, tena hupenya hata pale mtandao ulipo hafifu. Karatasi ikipigwa picha, herufi ndogo hufifia, na mtu amelipia asichoweza kusoma.

Picha ya bibi yafaa iende, lakini moja. Kateni pembeni ubaki uso, kisha mtume kama picha ya kawaida. WhatsApp yenyewe huipunguza mpaka KB mia chache. Msibonyeze HD, wala msiitume kama Document, kwa maana HD huifanya picha iwe nzito zaidi, nayo Document huisafirisha na uzito wake wote, na simu za siku hizi hupiga picha ya MB 3 au 4.

Video ndiyo mlaji mkubwa. Kabla ya kupiga, ingieni katika mipangilio ya kamera mchague 480p, au 720p ikiwa hiyo haipo. Sekunde 20 zatosha. Simu iegemezwe mahali itulie, maana mkono ukitikisika kila kitu hubadilika pamoja, na video iliyobanwa hugeuka madoa madoa. Kama mnachotaka ni wimbo tu, tumeni sauti: dakika nzima mara nyingi haifiki nusu MB.

Naye mpokeaji ana lake. Afungue Settings, kisha Storage and data, aguse When using mobile data na kuondoa alama zote. Tangu hapo picha na video zitangoja aziguse mwenyewe, na uzito wake atausoma juu yake kabla ya kulipa.

Ibada nzima ya mazishi haipunguziki hivyo. Hiyo itieni katika kadi ya kumbukumbu, mumpe jamaa anayepanda basi la Geita.