Mfuatano Usio na Mwisho Ndani ya Sehemu Moja

Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ambaye baadaye alipewa jina la Fibonachi, alitoa kitabu cha hesabu ambacho ndani yake mlikuwa na fumbo la sungura. Leonardo alikuwa amejifunza tarakimu za Kihindi na Kiarabu akiwa kijana huko Bugia, mji wa bandari ambao leo umo Aljeria na huitwa Bejaia, mahali baba yake alipowahudumia wafanyabiashara wa Pisa. Katika fumbo hilo jozi moja ya sungura imefungiwa uani. Kila jozi huzaa jozi nyingine kila mwezi, na jozi changa huanza kuzaa katika mwezi wake wa pili. Je, baada ya mwaka mmoja zitakuwako jozi ngapi? Leonardo alijumlisha mwezi baada ya mwezi akapata 377.

Kanuni iliyojificha katika fumbo hilo ni nyepesi: kila namba ni jumla ya namba mbili zilizoitangulia. Ukianza na 0 na 1, mfuatano unakuwa 0, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34 na kuendelea. Namba iliyo katika nafasi ya n na iitwe F(n), ambapo F(0) = 0 na F(1) = 1. Kanuni yenyewe huandikwa F(n) = F(n−1) + F(n−2).

Udhaifu wa kanuni ya namna hii ni kwamba haimruhusu mtu kuruka. Anayetaka F(40) hana budi kupitia F(39) na F(38), na hizo nazo zinadai zile zilizozitangulia. Swali lililobaki kwa karne nyingi ni hili: je, ipo njia ya kuifikia namba ya nafasi yoyote moja kwa moja? Jibu lilitolewa na Abraham de Moivre, Mfaransa aliyekimbilia Uingereza kwa sababu ya dini yake, katika kitabu alichokitoa mwaka 1730. Njia yake inahitaji aljebra ambayo mwanafunzi wa sekondari anayo tayari, isipokuwa wazo moja tu ambalo mwanzoni huonekana kama mzaha.

Wazo hilo ni kuzitundika namba zote za mfuatano kwenye vipeo vya herufi moja, kama nguo zinavyotundikwa kwenye kamba, kila nguo na kibanio chake:

G = F(0) + F(1)x + F(2)x² + F(3)x³ + …

Jumla hii isiyo na mwisho huitwa fanksheni zalishi ya mfuatano. Kwa wakati huu x haina thamani yoyote. Kazi yake ni kuhifadhi nafasi. Namba inayozidisha x⁷ ni F(7), basi. Faida yake huonekana pale G inapozidishwa kwa x: kila namba husogea hatua moja kuelekea kulia. Ikizidishwa kwa x², kila namba husogea hatua mbili. Kwa hiyo katika G namba iliyo kwenye xⁿ ni F(n), katika xG ni F(n−1), na katika x²G ni F(n−2). Sasa toa xG na x²G kutoka katika G. Kwenye kila kipeo kuanzia x² na kuendelea hubaki F(n) − F(n−1) − F(n−2), ambayo kwa kanuni ya mfuatano ni sifuri. Yote yanafutika, isipokuwa mwanzoni ambako kanuni haijaanza kufanya kazi: mahali pasipo na x hubaki F(0), yaani 0, na kwenye x hubaki F(1) − F(0), yaani 1. Hivyo

G − xG − x²G = x, na kwa hiyo G = x / (1 − x − x²).

Inafaa msomaji atue hapa kidogo. Mfuatano mzima usio na mwisho umekunjwa ukaingia katika sehemu moja fupi. Anayetilia shaka anaweza kuijaribu sehemu hiyo kwa kuweka x = 0.01. Upande wa juu unakuwa 0.01, na wa chini 1 − 0.01 − 0.0001, yaani 0.9899. Akigawanya kwa mkono, kwa subira, atapata

0.01010203050813213455…

Zikisomwa tarakimu mbili mbili baada ya nukta, zinatokea 01, 01, 02, 03, 05, 08, 13, 21, 34, 55. Baada ya hapo mpangilio huvurugika, kwa kuwa 144 ina tarakimu tatu na ile ya kwanza humwagikia jirani yake. Jaribio hili lina mpaka wake pia: x ikipewa thamani kubwa mno, jumla haina kikomo na usawa huo hauna maana. Kwa mfuatano huu x haina budi kuwa kati ya −0.618 na 0.618. Namba hiyo si ya kubahatisha, kama itakavyoonekana.

Kinachobaki ni kuikunjua sehemu hiyo kwa njia ambayo itadhihirisha F(n). Wanafunzi wanaijua sehemu moja inayokunjuka kwa urahisi, nayo ni ile ya mfululizo wa kijiometri:

1/(1 − rx) = 1 + rx + r²x² + r³x³ + …

Hapa namba iliyo kwenye xⁿ ni rⁿ. Kama sehemu ya Fibonachi ingeweza kuvunjwa ikawa jumla ya sehemu mbili za namna hii, kazi ingekuwa imekwisha. Basi asili yake, yaani 1 − x − x², na igawanywe katika vigawo viwili, (1 − ax)(1 − bx). Ukizidisha vigawo hivyo utaona kwamba a + b lazima iwe 1, na ab lazima iwe −1. Namba mbili zenye sifa hizo ni majawabu ya mlinganyo t² = t + 1, yaani

a = (1 + √5)/2, karibu 1.618034, na b = (1 − √5)/2, karibu −0.618034.

Sasa andika x / (1 − x − x²) = A/(1 − ax) + B/(1 − bx) na utafute A na B. Ukizidisha pande zote kwa asili unapata x = A(1 − bx) + B(1 − ax). Mahali pasipo na x panadai A + B = 0, yaani B = −A. Kwenye x panadai 1 = −Ab − Ba, ambayo kwa kuwa B = −A ni sawa na A(a − b) = 1. Lakini a − b ni √5. Kwa hiyo A = 1/√5 na B = −1/√5, na kila sehemu ikikunjuliwa kwa mfululizo wa kijiometri hutoa

F(n) = (aⁿ − bⁿ)/√5.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba √5, ambayo haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili, imo ndani ya fomula ambayo kila mara hutoa namba nzima. Kwa n = 12, a¹²/√5 ni 144.0014 hivi, na b¹²/√5 ni 0.0014, tofauti yao ni 144 kamili. Kwa kuwa b ni ndogo kuliko 1 ukiacha alama yake ya kutoa, vipeo vyake hufifia upesi. Hivyo inatosha kukokotoa aⁿ/√5 na kuchukua namba nzima iliyo karibu zaidi.

Walakini asiyekuwa mwangalifu ataponzwa na kikokotoo. Akitumia 1.618 badala ya a, kosa dogo huzidishwa mara arobaini anapotafuta F(40). Thamani ya kweli ni 102,334,155. Yeye atapungukiwa na karibu 86,000. Kwa anayetaka kila tarakimu, kujumlisha kwa njia ya Leonardo bado ndiyo njia ya kuaminika, na fomula humfaa zaidi kwa kujua ukubwa wa namba na mwendo wake.

Mwendo huo ndio unaoeleza mkasa ambao mwalimu anaweza kuuonyesha darasani kwa chaki tu. Chukua kanuni ileile ya kujumlisha, lakini anza na 1 na b. Fanksheni zalishi hapo inakuwa 1/(1 − bx), na mfuatano ni 1, b, b², b³, ambao unasinyaa kuelekea sifuri. Sasa mwanafunzi aandike −0.618 badala ya b, kisha ajumlishe bila kukosea. Atapata 1, −0.618, 0.382, −0.236, 0.146, −0.090, 0.056, −0.034, 0.022, −0.012, 0.010, −0.002, 0.008, 0.006, 0.014, 0.020, 0.034. Mwanzoni namba zinasinyaa na kubadilisha alama kama inavyotazamiwa. Kisha alama zinaacha kubadilika na namba zinaanza kukua. Nafasi ya 20 inatoa 0.230, ilhali jibu la kweli ni pungufu ya 0.0001.

Hakuna kosa la kujumlisha lililofanyika. Ukianza na namba yoyote c badala ya b, hatua zilezile za kuvunja sehemu hutoa A = (c − b)/√5. Ikiwa c ni b kamili, A ni sifuri na aⁿ haimo. Ikiwa c ni −0.618, A ni karibu 0.0000152: kitu kidogo kabisa, lakini kinazidishwa kwa a²⁰, ambayo ni kama 15,127, na zao lake ni 0.230. Dalili ya kutazama ni alama kuacha kubadilika. Tangu hapo mwanafunzi hakokotoi tena vipeo vya b, bali kosa lake mwenyewe linalokua.

Mara nyingine vigawo viwili vya asili huwa sawa, na hapo njia ya kuvunja hukwama. Mfano ni P(n) = 4P(n−1) − 4P(n−2), ukianza na 0 na 2. Fanksheni zalishi ni 2x/(1 − 2x)². Sehemu mbili zenye asili ileile ya 1 − 2x zikijumlishwa hubaki kuwa sehemu moja ya namna hiyohiyo, kwa hiyo hakuna A na B zitakazofaa. Lazima sehemu moja iachiwe asili yenye kipeo cha pili:

2x/(1 − 2x)² = 1/(1 − 2x)² − 1/(1 − 2x).

Ya kwanza hutoa (n + 1)2ⁿ, kama msomaji atakavyohakiki kwa kuzidisha mfululizo wa 1/(1 − 2x) kwa wenyewe, na ya pili hutoa 2ⁿ. Tofauti ni n2ⁿ: 0, 2, 8, 24, 64. Anayekisia tangu mwanzo kwamba jibu ni jumla ya vipeo vitupu hataiona hiyo n iliyotangulia, lakini katika sehemu inajitokeza yenyewe.