Je, kinundu cha pafu kimekua kweli?

Mfanyabiashara wa ngamia mjini Garissa, mwenye umri wa miaka 58, alinijia Machi 2024 akiwa na ripoti mbili. Ya kwanza, ya skani ya kifua aliyopigwa Nairobi mwaka mmoja kabla, ilisema pafu lake la kulia lina kinundu cha milimita 7. Ya pili ilisema milimita 9. Wanawe walikuwa wameshauza ngamia wanne ili wampeleke India akapasuliwe.

Hofu yao haikuwa ya bure. Kinundu hukua pande zote kama mpira. Kikitoka milimita 7 hadi 9 kwa upana, ujazo wake huwa umezidi maradufu. Kinundu cha saratani ya pafu aghalabu huhitaji chini ya siku 400 hivi kufikia hapo.

Lakini ripoti si picha. "Mzee, picha zenyewe ziko wapi?" nilimwuliza. Kwa bahati sidii ya Nairobi ilikuwa bado nyumbani. Wengi huitupa na kubaki na karatasi.

Skani hukata kifua vipande vipande kama mkate. Vile vya Nairobi vilikuwa na unene wa milimita 5. Vipya, milimita 1. Kipande kinene huchanganya ukingo wa kinundu na hewa iliyo kando yake, ukingo ukafifia, na kinundu kikaonekana kidogo kuliko kilivyo. Zaidi ya hayo, hata daktari yule yule akipima mara mbili anaweza kukosana na nafsi yake kwa milimita nzima. Ndiyo sababu tofauti isiyofika milimita 2 haihesabiwi kuwa ukuaji. Hapa tulikuwa mpakani kabisa.

Daktari wa picha aliziweka skani zote mbili ubavu kwa ubavu kwenye kompyuta, kwa mwangaza ule ule unaotumika kutazama mapafu. Alifuata tawi moja la njia ya hewa mpaka akawa na hakika kwamba anatazama kinundu kile kile. Picha ya zamani haiwezi kukatwa upya iwe nyembamba, kwa hiyo aliiamuru kompyuta iunganishe vipande vya ile mpya viwe vya milimita 5. Kisha akapima urefu na upana, akachukua wastani. Ya zamani: 8 kwa 6, yaani 7. Mpya: 8 kwa 7, yaani 7.5.

Huenda lilikuwa kovu la kifua kikuu alichotibiwa ujanani, ingawa kovu halizuii saratani. Upasuaji ukaahirishwa, si kufutwa. Baada ya miezi 6 alipigwa nyingine ya vipande vyembamba, ikalinganishwa na zote mbili za awali, maana kinundu kinachokua polepole humhadaa anayetazama picha ya mwisho tu. Ilisoma 9, kama ile ya Machi.

Ya mwaka 2025 pia ilisoma 9. Kwa kinundu kigumu kama hiki, miaka 2 bila badiliko hutosha. Vile vilivyofifia kama ukungu hufuatiliwa hadi miaka 5. Mzee hajapigwa nyingine tangu hapo.