TAARIFA KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUTAFSIRI OMBI LA MCHANGO WA ZAHANATI NA KULIANDALIA HESABU

Mara kwa mara watumishi wa Serikali wenye kujua Kiingereza huombwa na jamaa zao wa mwambao wa Pangani, ng'ambo ya Unguja, kuwatafsiria maombi ya michango ya kumalizia zahanati, ili yapelekwe kwa wafadhili wa nje kwa njia ya mtandao. Kazi hii huonekana nyepesi, lakini ombi zuri laweza kuharibika kwa neno moja.

Neno la kwanza ni zahanati lenyewe. Katika maandishi ya Serikali Tanzania Bara huitwa kwa Kiingereza dispensari, na kwa Mtanzania hapana utata. Ila katika majimbo kadhaa ya Marekani neno hilo siku hizi humaanisha duka lenye leseni ya kuuza bangi, na Uingereza ni chumba cha kutolea dawa. Mfasiri na aandike kwa maelezo: jengo la matibabu ya awali la kijiji. Aidha, asilibadilishe kuwa kituo cha afya kwa kufuata mazoea ya Visiwani, kwani Bara, chini ya mpango wa afya ya msingi ulioanza mwaka 2007, zahanati ni ya kijiji na kituo cha afya ni cha kata, nacho ni kikubwa zaidi.

Neno la pili ni boma. Ombi husema, "Wananchi wamesimamisha boma kwa nguvu zao." Mgeni aliyewahi kulisikia neno hilo hudhani ni zizi la ng'ombe. Lililokusudiwa ni kuta zilizokwisha jengwa, zisizo na paa. Nazo "nguvu za wananchi" si siasa. Ni mawe, mchanga, maji na siku za kazi. Hapo inafaa kutaja idadi, kwa kuwa ndiyo dalili ya kwanza mfadhili aitafutayo kujua kama wenyewe wameanza.

Kadhalika, Mswahili huanza kwa salamu na unyenyekevu, na haja yake huja mwisho. Msomaji wa Kiingereza hutarajia haja katika sentensi ya kwanza: kitu gani, wapi, kwa kiasi gani. Heshima haipotei ikihamishiwa mwisho.

Ama hesabu, na tuchukue mfano wa kijiji cha kusini ya mto Pangani, upande wa Kipumbwi na Mkwaja, ambako vifaa vinavyonunuliwa Pangani Mjini au Tanga hulazimika kuvuka mto. Viwango hivi ni vya kuonyesha njia tu, si bei za soko:

Mbao na mabati ya paa: Sh. 9,000,000
Milango, madirisha, lipu na sakafu: Sh. 9,000,000
Tangi na mifereji ya maji ya mvua: Sh. 2,000,000
Ujira wa mafundi: Sh. 4,000,000
Usafiri na kuvusha vifaa: Sh. 1,000,000
Akiba ya asilimia 10: Sh. 2,500,000
Jumla: Sh. 27,500,000

Thamani ya kuta iandikwe kando, kama mchango uliokwisha tolewa, isichanganywe na kinachoombwa. Akiba nayo isifichwe ndani ya bei ya mabati. Mfadhili akiuliza bei dukani, hitilafu hujulikana mara moja.

Kwa kiwango cha Sh. 2,500 kwa dola, jumla hiyo ni dola 11,000. Wengi huomba kiasi hicho hicho, na hapo ndipo hupungukiwa. Mtandao wa GoFundMe, kwa michango ya Marekani, hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango. Mchango wa dola 50 hufika ukiwa dola 48 na senti 25. Hivyo basi yahitajika michango 228 ya namna hiyo, yaani kuomba dola 11,400, kabla ya gharama za benki. Michango midogo midogo huumia zaidi: dola 10 hupoteza senti 59, karibu asilimia 6.

Ieleweke pia kwamba mtandao huo haulipi moja kwa moja katika akaunti ya benki ya Tanzania. Aghalabu jamaa aliyeko Ulaya au Marekani ndiye hufungua ombi kwa jina lake. Ni lazima ombi litaje uhusiano wake na kijiji, na akaunti gani ya kijiji au Halmashauri itakayopokea fedha. Ombi lisilotaja hayo huzua maswali, na malipo yaweza kuzuiliwa.

Mwisho, mfadhili makini atauliza nani atamlipa mganga na muuguzi. Jibu liandikwe mapema: mishahara ni ya Serikali, na Halmashauri ndiyo mwenye zahanati. Kwa sababu hiyo barua ya Halmashauri ya kukubali kupeleka watumishi ipatikane kabla ya kuomba senti moja, na itafsiriwe pamoja na ombi, tarehe ikiandikwa kwa jina la mwezi, maana 5/6 kwetu ni Juni na kwa Mmarekani ni Mei.