Uliza kabla karasha halijapanda boti

Tuseme mfanyabiashara wa Kigoma ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na kikundi cha wachimbaji cha Misisi, Kongo, kinataka kulikodi kwa miezi 12. Litavushwa Ziwa Tanganyika hadi Baraka, kisha lipande lori hadi Misisi. Kabla ya kusaini mkataba, anataka kujua TRA italitazamaje pango hilo.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya 2015 inamruhusu kuomba kwa maandishi uamuzi binafsi wa Kamishna Mkuu kuhusu mpango wake. Ukitolewa, unambana Kamishna, mradi mwombaji ameeleza yote kwa ukweli na mambo yakaenda kama alivyoeleza. Kwa hiyo maelezo ndiyo kinga yenyewe, na humo ndimo wengi wanamoharibu.

Akiandika, "Nataka kupeleka mashine Kongo, nitalipa kodi gani?", hajauliza kitu kinachojibika. Mashine inauzwa au inakodishwa? Nani ataiendesha? Fundi wake akienda nayo na kukaa Misisi miezi 12, hapo kuna kazi inayofanywa Kongo, si pango tupu. Malipo nayo ni dola kila mwezi au sehemu ya dhahabu itakayopatikana? Sehemu ya dhahabu inamfanya aonekane mshirika wa uchimbaji. Rasimu ya mkataba iambatanishwe, na tarehe, njia na jina la mpokeaji viandikwe hata kama vinaonekana vidogo.

Swali sasa linakuwa jembamba: "Je, pango la karasha litakalotumika Misisi pekee, nikiwa mmiliki mkazi wa Tanzania, linatozwa VAT kwa asilimia 18 au sifuri?" La pili lisimame peke yake: "Kodi itakayokatwa Kongo kwenye pango hilo, naweza kuipunguza katika kodi yangu ya mapato hapa, na kwa ushahidi gani?" Maswali mawili yakifungwa katika sentensi moja, jibu la moja hulifunika la pili.

Kisha aeleze maoni yake na sababu zake. Kenya, katika kifungu cha 65 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, maoni hayo ni ya lazima, pamoja na nyaraka na swali lililotajwa kwa usahihi. Naona ni desturi nzuri hata pale isipodaiwa, kwa sababu afisa huona mara moja mnapotofautiana.

Uamuzi huo hauvuki ziwa. Mamlaka ya kodi ya Kongo, DGI, haifungwi na barua ya TRA. Upande wa Misisi lazima uulizwe huko. Na wachimbaji wakiomba mwezi wa nne walipe kwa dhahabu badala ya dola, asikubali akitegemea barua ya zamani: aandike ombi jipya, akiambatanisha mabadiliko ya mkataba kabla hayajasainiwa.