Wekundu Kwenye Mfupa wa Kuku

Sahani ya kuku wa kuchoma inafika mezani, mtu anavunja paja, na pale nyama iliposhikana na mfupa anakuta rangi ya pinki, pengine na doa jekundu lililokolea. Ubishi huanzia hapo. Mteja anasema, “Kaka, hii haijaiva.” Mchomaji anajibu, “Imeiva dada, huyo ni kuku wa kisasa, mifupa yao ndivyo ilivyo.” Kuhusu mifupa, mchomaji kasema kweli. Lakini kwamba paja limeiva, hilo bado hajalithibitisha, kwa sababu rangi iliyo mfupani haitoki kwenye jambo lile lile linaloua vijidudu.

Kuku wa kisasa wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa wiki tano au sita hivi. Mwili wake umeshakuwa mkubwa, ila mifupa bado ni ya kifaranga: haijakomaa, chokaa haijajaa, na ina vitundu vingi vidogo. Ndani yake umo uboho, unaotengeneza chembe nyekundu za damu na kwa hiyo umejaa himoglobini, ile rangi inayoifanya damu iwe nyekundu. Paja likipata moto, uboho hupenya kwenye vile vitundu na kuipaka rangi nyama iliyo jirani. Kwa kuku wa kienyeji aliyekaa miezi mingi, au kuku wa mayai aliyezeeka, mfupa umeshakuwa mgumu na mnene na uboho hauna njia rahisi ya kutoka. Ndiyo maana waliokulia kwenye kuku wa kienyeji huushangaa zaidi wekundu huu.

Friza huzidisha mambo. Kuku akigandishwa, maji yaliyomo mfupani hugeuka barafu, hutanuka na kupasua chembe za damu. Barafu ikiyeyuka, rangi iliyokuwa imefungiwa ndani ya chembe hizo huwa huru na huvuja hadi nje ya mfupa kabla hata jiko halijawashwa. Ikipikwa, mara nyingi hugeuka kahawia iliyoiva sana au zambarau karibu na nyeusi. Weusi wa namna hiyo kwenye mfupa wa kuku aliyetoka friza hauna madhara, ingawa hauvutii macho.

Nyama yenyewe nayo ina rangi yake, mayoglobini, ambayo huhifadhi oksijeni ndani ya msuli. Paja na mguu hufanya kazi kuliko kidari, hivyo huwa nayo zaidi. Na rangi hii haipotei kwenye joto moja kwa kila kuku. Nyama ikiwa na asidi kidogo, rangi hushikilia hata joto likishapita kiwango cha usalama. Ikilowekwa kwenye ndimu, hufifia mapema. Basi paja lililokaa kwenye ndimu linaweza kuonekana jeupe kabla halijaiva, na lisilotiwa ndimu likabaki na upinki ilhali limeshaiva. Moshi wa mkaa na kuni una gesi zinazoshikana na mayoglobini na kuacha utepe wa pinki, ila utepe huo hukaa chini ya ngozi, mbali na mfupa. Kwa hiyo tazama kwanza rangi iko wapi.

Kinachoamua usalama ni joto. Salmonela na kampilobakta, bakteria wanaopatikana sana kwenye kuku mbichi, hufa papo hapo nyama ikifika nyuzi joto 74 za Selsiasi. Ndicho kiwango ambacho Wizara ya Kilimo ya Marekani inawashauri wapishi wa majumbani, na wizara hiyo hiyo inasema kuku aliyefika hapo kila sehemu ni salama hata akiwa bado na upinki. Uingereza ushauri ni nyuzi 70 kwa dakika mbili, na matokeo ni yale yale, kwani joto la chini kidogo likidumu muda wa kutosha hufanya kazi ile ile. Kampilobakta ana ubaya mwingine: tumbo huweza kuanza kusumbua siku mbili hadi tano baada ya mlo, wakati mtu ameshamsahau yule kuku na analaumu chakula cha jana yake.

Sasa tulichukue paja moja zima, lililoungana na mguu, limetoka friza na kuwekwa kwenye wavu wakati katikati bado kuna barafu. Mkaa umekolea. Baada ya muda mfupi ngozi imeshababuka na mafuta yanadondoka, nje kila kitu kinapendeza. Ndani, joto limetumika kuyeyusha barafu kwanza, na nyama ya mfupani haijakaribia nyuzi 74. Kata kwenye kiungo cha paja na mguu, mahali panapochelewa kuiva kuliko pengine pote. Ukiona nyama inang’aa na kupitisha mwanga, inateleza kidoleni, inavutika kama mpira na inang’ang’ania mfupa, hiyo ni mbichi, iwe ya pinki au la. Kata paja jingine lililoyeyushwa usiku kucha kwenye friji, likachanjwa hadi mfupani na kuchomwa kwa moto wa wastani. Huenda nalo lina doa jekundu pale pale, lakini nyama inayolizunguka imepoteza mng’ao, nyuzi zake zinaachana, na inabanduka mfupani bila kulazimishwa. Wekundu wa hilo la pili ni wa uboho tu.

Wengi hutoboa paja na kutazama maji yanayotoka, yakiwa meupe wakaridhika. Njia hiyo siiamini. Damu nyingi ilishatoka kuku alipochinjwa, na umajimaji wa pinki unaobaki ni maji ya nyama yenye mayoglobini, hivyo rangi yake ina kigeugeu kile kile cha nyama. Hata zile dalili za kiungo ni dalili tu. Anayechoma kuku kwa biashara anahitaji kipimajoto cha nyama, chenye ncha kama sindano. Ncha ichomekwe kwenye sehemu nene ya paja, karibu na mfupa bila kuugusa, kwa sababu mfupa haupati joto sawa na nyama na utakupa kipimo cha uongo. Pima vipande viwili au vitatu vya wavu mmoja, hasa vile vya pembeni ambako mkaa ni hafifu. Ukitaka kujua kama kipimajoto chenyewe ni kizima, kitumbukize kwenye maji yaliyojaa barafu. Kinatakiwa kusoma sifuri.

Paja likionekana bichi, dawa ni kulirudisha motoni, mbali kidogo na mkaa mkali ili nje isiungue. Kinachonitia wasiwasi kuliko doa lolote la mfupani ni desturi ya kumchemsha kuku nusu asubuhi, kumwacha kwenye beseni lililofunikwa, kisha kummalizia wavuni mteja akifika jioni. Joto la nusu halikuwaua bakteria wote, na uvuguvugu wa beseni huwapa saa nzima nzima za kuzaliana. Anayetaka kuchemsha mapema amchemshe mpaka aive kabisa, ampoze upesi na kumweka kwenye friji, na jioni apate moto mpaka ndani, si ngozi peke yake.