Soma Tairi Kabla ya Kulipia Alaimenti

Tairi la mbele likianza kulika upande mmoja, wenye magari wengi hukimbilia alaimenti. Mashine inafungwa, vipimo vinarekebishwa hadi kioo kionyeshe kijani, bili inalipwa. Miezi michache baadaye ukingo wa ndani umekuwa kipara huku wa nje ukiwa bado na kashata nzuri. Mwenye gari humlaumu fundi wa alaimenti au aliyemuuzia tairi, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye kipande cha mpira ambacho hakuna aliyekigusa.

Tuanze na kile ambacho alaimenti inarekebisha. Liangalie tairi kutoka juu: je, linatazama mbele moja kwa moja, au limegeukia ndani au nje? Kisha liangalie kutoka mbele: limesimama wima, au limeinama? Kuna kipimo kingine kinachosaidia usukani kurudi wenyewe baada ya kona, lakini hivyo viwili ndivyo vinavyomaliza matairi, na kile cha kwanza ndicho chenye njaa zaidi.

Chukua Toyota IST yenye matairi ya 175/65R14, ambayo kipenyo chake ni karibu milimita 583. Tuseme nafasi kati ya matairi mawili ya mbele, ukiipima kwenye kingo zao za mbele, imezidi kwa milimita 4 ile ya kwenye kingo za nyuma. Maana yake kila tairi limegeukia nje kwa milimita 2, kiasi ambacho jicho halikioni. Lakini gari linakwenda mbele, na tairi linataka kwenda pembeni. Kwa hesabu, kila kilomita 1 tairi hilo linaburutwa pembeni kiasi cha mita 3.4. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, karibu kilomita 190, ni kama kuliburuta mita 650 juu ya lami. Mzigo mkubwa wa msuguano huo hubebwa na ukingo wa ndani.

Dalili yake utaipata kwa kiganja. Gari likiwa limezimwa na tairi limepoa, pitisha mkono juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Ukihisi ulaini upande mmoja na makali ukirudi, tairi limekuwa likiburutwa. Kama kingo zote mbili zimelika sawa, upepo ulikuwa mdogo. Kama ni katikati tu, upepo ulizidi. Na kama kashata zina mabonde-mabonde kuzunguka tairi, mshukiwa wa kwanza ni shokapu, ingawa kukosa balansi nako huweza kuchangia.

Sasa, kwa nini alaimenti isishike? Kwa sababu mashine hupima gari limesimama. Tairi la mbele la IST limeshikwa chini na ammu iliyofungwa kwenye bodi kwa bushi, yaani mpira uliozungukwa na chuma. Bushi ya nyuma ya ammu ikichanika, ammu inapata nafasi ya kucheza. Gari likiwa limetulia kwenye mashine, tairi linakaa mahali pake na namba zinatoka vizuri. Ukikanyaga breki barabarani, lami inalisukuma tairi nyuma, ammu inageuka, na tairi linabadili mwelekeo. Kama bushi ya upande wa pili bado ni nzima, gari litavuta upande mmoja kila ukifunga breki, na dereva atadhani breki ndizo mbovu.

Kwa hiyo ukaguzi wa vipuri hutangulia alaimenti. Fundi ananyanyua gurudumu kwa jeki na kuliegemeza gari kwenye stendi imara. Analishika tairi juu na chini, analitikisa: likicheza, ni boljointi au beringi. Analishika kushoto na kulia: likicheza, aangalie tairodi. Bushi anazikagua kwa tochi na kuzisukuma kwa mtaimbo, akitafuta nyufa na mchezo. Akibadilisha bushi za ammu, bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unabaki umejikunja muda wote na huchanika mapema.

Shokapu ina kazi tofauti na ile inayodhaniwa. Uzito wa gari hubebwa na springi. Springi ikibonyezwa inataka kurudi, kisha kupita, kisha kurudi tena, na shokapu ndiyo inayozima mchezo huo. Ndani yake pistoni inasukuma mafuta kupitia matundu madogo, na nguvu ya mruko inageuka joto. Mafuta yakivuja au vali zikilika, gurudumu linaendelea kudunda baada ya tuta kupita.

Gurudumu linapodunda, uzito unaolikandamiza tairi barabarani unapanda na kushuka. Tairi lililogusa lami kidogo haliwezi kusimamisha gari hata pedi za breki zikiwa mpya, wala haliwezi kufuata usukani kwenye kona. Ndiyo maana gari lenye shokapu zilizochoka linaweza kusimama vizuri kwenye lami laini, kisha likashindwa kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo ya bati. Huko hata shokapu nzima huchoka: mafuta yakipata moto kwa mwendo mrefu, uwezo wake hupungua mpaka ipoe.

Wengi hupima shokapu kwa kubonyeza kona ya gari na kuiachia. Ikipanda na kushuka mara kadhaa, shokapu imekufa. Lakini ikitulia haraka, hujathibitisha kuwa ni nzima, kwa kuwa mkono hauwezi kuiga kasi ya shimo la barabarani. Angalia pia kama imelowa mafuta yanayotiririka, kama pua ya gari inazama sana ukifunga breki, na kama tairi lina yale mabonde. Shokapu hubadilishwa mbili-mbili kwenye ekseli moja, ili upande mmoja usiwe mgumu kuliko mwingine.

Si kila kasoro ya usukani ni ya alaimenti. Usukani unaotetemeka ukifika kasi fulani, kisha ukatulia ukipunguza, kwanza unataka balansi. Na kwa kuwa tunaendesha kushoto na barabara nyingi zimeinama pembeni ili maji yatiririke, gari likielekea kushoto taratibu ukilegeza usukani huenda halina ubovu. Jaribu kwenye barabara tambarare kabla ya kuhukumu. Kwa upande mwingine, ukiweka spesa ili gari linyanyuke, pembe za ammu na tairodi zinabadilika, kwa hiyo alaimenti ya zamani haina kazi tena.

Mpangilio, basi, ni huu: upepo sahihi, vipuri vilivyolegea, shokapu, kisha alaimenti. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwenye IST mafundi hurekebisha mbele kwa tairodi, lakini ekseli ya nyuma haina pa kurekebishia kwa kawaida, hivyo namba za nyuma zikiwa nje ya kiwango kuna kitu kimepinda na kinahitaji kutafutwa. Ukishatembea kilomita 1,000 hivi, pima kina cha kashata ndani, katikati na nje. Kama tofauti baina ya vipimo hivyo imeongezeka, usirudie alaimenti. Rudi kwenye bushi.