Chanja za Mvugo: Upya Uliopatikana Katika Biashara Iliyojaa

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Rumonge kushuka hadi Nyanza-Lac, ni vigumu kutaja biashara yenye watu wengi kuliko ile ya ndagala, yaani dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, kisha kuanikwa juani na kupelekwa milimani. Kwa kuwa samaki ni wale wale, na jua ni lile lile, anayeanza leo huamini kwamba hakuna jambo lililobaki la kubuniwa.

Imani hiyo inatokana na kuitazama bidhaa peke yake, bila kufuata safari yake mpaka jikoni. Kwa miaka mingi ndagala walitandazwa juu ya mchanga wa ufukweni, ambako kuku na wadudu waliwafikia, mvua ya ghafla iliwaozesha, na chembe za mchanga ziliwaganda. Mpishi aliyewaloweka aliuona mchanga huo ukitua chini ya sufuria, naye alikuwa ameulipia kwa bei ya samaki. Kero hiyo ilijulikana na kila mtu, ila ilihesabiwa kuwa tabia ya ndagala, wala si kasoro ya namna ya kuwaanika.

Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha mradi katika eneo hilo, ambapo katika kijiji cha Mvugo wakaushaji walifundishwa kutumia chanja, yaani meza ya miti iliyotandikwa wavu wa waya, ikiinuliwa takriban mita moja kutoka ardhini. Hewa hupita juu na chini ya samaki, maji hudondoka badala ya kutuama, na mvua ikitisha ni rahisi kuwafunika, hivyo samaki hukauka upesi na kukaa muda mrefu bila kuharibika. Kwa mujibu wa FAO, kilo moja iliyouzwa faranga 4,000 mwaka 2004 ilifikia faranga 9,000 mwaka 2013, ingawa ni haki kukumbuka kwamba mfumuko wa bei nchini Burundi ulichangia ongezeko hilo.

Chanja yenyewe haikuwa uvumbuzi, kwani kuanika juu ya jukwaa ni desturi ya kale mahali pengi. Upya ulikuwa katika kuihusisha na kero ambayo mnunuzi alikwisha kuizoea. Kwa hiyo swali lenye manufaa kwa anayeingia sokoni si kuuliza nini hakijauzwa, bali mnunuzi huchambua nini, huosha nini na hutupa nini baada ya kununua.

Hata hivyo faida hiyo ina mipaka. Waya hugharimu fedha na hushika kutu, na kila jirani akiwa na chanja, usafi huwa jambo la kawaida lisiloongeza bei. Zaidi ya hayo, chanja hutegemea jua, na katika mvua za Machi na Aprili samaki huweza kuoza juu ya wavu kama walivyooza mchangani, kwa hiyo kwa wakaushaji wa mwambao huo kazi ya kukausha wakati wa masika bado haijapata mwenyewe.